Nukta ya Mtaa wa Kumi na Nne

Karani wa takwimu aliufungua mlango wa ofisi asubuhi ile akakuta wifi yake amekwisha kufika, amekaa kwenye benchi la kusubiria, kandambili zake amezivua na kuzipanga ukutani kama mgeni aliyealikwa.

"Shikamoo, wifi," alisema wifi mtu, bila kunyanyuka.

"Marahaba. Umeingiaje? Mlinzi hajafungua geti."

"Mlinzi ana mjukuu mtaani kwangu. Nilimpima juzi."

Karani aliweka mkoba, akawasha kompyuta, akaingoja iamke. Ilikuwa kompyuta ya zamani, ikiwaka ilipiga kelele kama jiko la mafuta, na mwenyewe alikuwa ameizoea. Miaka kumi na mmoja aliyofanya kazi katika ofisi ile ya afya ya wilaya, hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kuitumia. Alijifunza mwenyewe kwa kubonyeza na kukosea, akiandika kila kosa kwenye daftari ili asilirudie. Grafu alijifunza hivyohivyo. Watu wa ofisi walimwita Bi Nukta, mwanzoni kwa kumtania, baadaye kwa kuwa jina lake la kweli walikuwa wamelisahau.

Wifi yake naye alikuwa na jina lake la kazini. Aliitwa Kandambili. Alikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea katika Mtaa wa Kumi na Nne, kule juu kwenye machimbo ya mawe, na kila baada ya miezi mitatu alikuwa akimaliza jozi moja kwa kutembea nyumba hadi nyumba. Kazi yake, kama ya wenzake ishirini na mmoja wa mitaa mingine, ilikuwa kuwapima watoto wadogo. Alimvalisha mtoto utepe kwenye mkono wa juu, akaukaza kidogo, akasoma rangi. Kijani, mtoto yuko salama. Njano, amepungua. Nyekundu, apewe paketi za lishe leo, si kesho. Mwisho wa mwezi kila mhudumu alileta fomu yenye namba mbili kubwa: watoto waliopimwa, na watoto waliokutwa na njano au nyekundu.

"Nasikia leo kamati inanijadili," alisema Kandambili.

"Inajadili mitaa yote."

"Wifi, mimi si mtoto. Nionyeshe."

Bi Nukta alitazama mlango. Kisha akaigeuza skrini kidogo.

Ilikuwa slaidi moja tu. Chini, kutoka kushoto kwenda kulia, namba za watoto waliopimwa. Pembeni, kutoka chini kwenda juu, namba za watoto waliokutwa wamekonda. Katikati, nukta ishirini na mbili za buluu, kila mtaa na nukta yake, na mstari mmoja mwekundu uliopanda taratibu kutoka chini kushoto. Nukta mbili zilikuwa mbali na mstari, nazo pekee ndizo zilizoandikwa majina. Moja ilikuwa chini kabisa: *Mtaa wa 3*. Nyingine ilikuwa juu, peke yake, kama kunguru juu ya mnara. Pembeni yake paliandikwa kwa wekundu: *Mtaa wa 14 – takwimu zenye shaka*.

Kandambili aliisoma mara mbili, midomo ikicheza.

"Umeniandika ubaoni," alisema polepole. "Kama mwanafunzi aliyepiga kelele."

"Mimi niliandika namba ya mtaa tu. Hayo maneno mengine ni ya Daktari. Aliniambia niyaongeze jana."

"Na mkono ulioandika ni wa nani?"

Bi Nukta hakuwa mtu wa kujibu haraka hata siku za kawaida, na siku ile hakuwa amelala vizuri.

"Watoto thelathini na mmoja, wifi," alisema Kandambili. "Machimbo yamefungwa mwezi wa nne huu. Baba hana kazi, mama anachemsha maji na chumvi. Mimi ningeandika wangapi? Wawili, ili nisionekane?" Alivaa kandambili zake. "Kaka yangu alikuoa kwa sababu unajua hesabu. Leo tutaona hesabu yako inajua nini."

Alitoka. Kwenye korido alimwamkia mtu kwa furaha, kana kwamba hakuna lililotokea. Ndivyo alivyokuwa.

*

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Ghala la wilaya lilikuwa na katoni mia moja na arobaini za paketi za lishe, na maombi ya mitaa yote yalizidi hapo. Mganga mkuu wa wilaya, ambaye kila mtu alimwita Daktari, alitakiwa kukata mahali. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, mashati yake yalikuwa na mikunjo ya kukaa, na alikuwa amesikia maneno: kwamba yule mama wa machimboni anaongeza majina ili apate paketi za kugawia ndugu. Grafu ilipotoka na nukta yake ikaonekana iko juu vile, Daktari aliona amepata ushahidi. Kama kamati ingekubali, mgao wa Mtaa wa Kumi na Nne ungekatwa hadi watoto kumi, na Kandambili angenyang'anywa utepe na fomu.

Na Bi Nukta, aliyechora, alikuwa mke wa kaka yake. Akifungua mdomo kumtetea, watasema damu nzito. Akinyamaza, nyumbani atakula na nani?

Kamati ya afya ilikutana saa nne katika ukumbi mdogo nyuma ya zahanati. Feni ilikuwa inazunguka bila kupoza. Projekta iliwekwa juu ya vitabu vitatu vya mahudhurio ili ifikie ukuta. Walikuja watu sita, lakini waliozungumza walikuwa wawili. Mwenyekiti alikuwa mama aliyestaafu ualimu, mwenye miwani iliyofungwa kamba, anayependa kila jambo liishe kabla ya chakula cha mchana. Mwingine alikuwa Fundi, mshonaji wa nguo mwenye duka karibu na stendi, aliyewakilisha mafundi. Fundi alikuwa na sifa ya kusinzia vikaoni. Uzi mweupe ulikuwa umenasa kwenye bega lake, na alipoketi alikunja mikono, kidevu kikashuka kifuani.

"Bi Nukta," alisema Daktari, "waeleze wajumbe kwa lugha ya kawaida. Hakuna mtu hapa aliyesoma takwimu."

"Hata mimi sikusoma," alisema Bi Nukta, watu wakacheka kidogo, ingawa hakuwa ametania.

Alisimama pembeni ya ukuta. Taa ya projekta ilimpiga shavuni.

"Kila nukta ni mtaa mmoja," alianza. "Ukitaka kujua mtaa umepima watoto wangapi, shuka kutoka kwenye nukta hadi kwenye mstari wa chini, usome namba. Ukitaka kujua wangapi wamekutwa wamekonda, nenda kushoto, usome pale pembeni. Kwa hiyo nukta iliyo kulia zaidi imepima wengi. Iliyo juu zaidi imekuta wengi."

"Kama ramani," alisema Mwenyekiti.

"Kama ramani, Mama Mwenyekiti. Ila si ramani ya mahali. Mitaa miwili iliyo jirani hapa inaweza kuwa mbali kule nje."

"Na huo mstari mwekundu? Ni kiwango cha serikali?"

"Hapana." Hapo Bi Nukta alisita, kwa sababu aliona kuwa swali lilikuwa zuri kuliko alivyotarajia. "Huo haukuletwa na mtu. Umetoka kwenye nukta zenyewe. Kompyuta inatafuta mstari mnyoofu unaopita katikati yao, ukae karibu na zote kadiri inavyowezekana. Unatuambia tu kwamba kwa kawaida ya mitaa hii, ukipima watoto kadhaa, unakuta kiasi hiki. Ukipima mia moja na themanini, panda hadi mstarini, nenda kushoto: kama kumi hivi."

"Kwa hiyo mtaa ambao hauko kwenye mstari umekosea."

"Hapana, mama. Karibu hakuna mtaa unaokaa juu yake hasa. Watu si misumari. Mmoja atakuwa juu kidogo, mwingine chini kidogo, ndiyo hali. Zile zilizo mbali sana ndizo tunazoziandika jina, ili tuulize."

"Tuulize," alirudia Daktari, "na tukishauliza tupate jibu. Tazameni hapa, ndugu wajumbe." Aliinuka na kalamu. "Mtaa wa Tatu: watoto mia mbili arobaini, wamekuta wawili tu. Huu ni mtaa wa nyumba za kiwanda, watu wana mishahara. Hongera zao. Sasa huku juu. Mia moja na themanini, wamekuta thelathini na mmoja. Mara tatu ya mstari! Mitaa ishirini na mmoja inasema hivi, mmoja unasema vile. Nani anadanganya?"

Mwenyekiti alivua miwani. "Mhudumu wa hapo ni nani?"

Daktari alimtazama Bi Nukta, na katika kumtazama kule hakukuwa na ubaya, kulikuwa na kuchoka tu.

"Ni wifi yangu," alisema Bi Nukta. "Dada wa mume wangu. Kwa hiyo juu ya nukta ile sitasema neno. Naomba liandikwe kwenye kumbukumbu."

"Limeandikwa," alisema Mwenyekiti kwa upole. "Basi, kama hakuna mwenye swali—"

"Mimi ninalo," alisema Fundi.

Wote waligeuka. Macho yake yalikuwa wazi, na inaonekana yalikuwa wazi kwa muda.

"Fundi, tulidhani umesafiri."

"Nilisafiri, nimerudi. Bi Nukta, samahani, mimi sijui kusoma hizo namba. Lakini nauliza. Hizi hapa chini ya mstari mwekundu, hizi." Alinyanyuka, magoti yakalia, akaenda hadi ukutani, kivuli chake kikafunika nusu ya grafu. Akaweka kidole. "Hii, hii, hii, hii. Mpaka huku. Hizi amezishona nani?"

"Sijakuelewa, Fundi," alisema Mwenyekiti.

"Mama, mimi nimeshona miaka arobaini. Mtu akiniletea nguo, kabla sijaishika najua imeshonwa kwa mkono au kwa mashine. Mkono wa mtu unakwenda hivi na hivi. Hata mkono wa fundi mzuri. Pindo la mashine ndilo linalonyooka namna hii. Sasa zile nyingine," akaonyesha nukta nyingine, zilizotawanyika juu na chini, "zile ni za mkono. Hata hiyo ya huko juu mnayoilaani ni ya mkono. Lakini hizi hapa zimepita kwenye cherehani."

Mtu mmoja alicheka. Mwenyekiti hakucheka. Alivaa miwani yake tena.

Bi Nukta alitazama ukuta wake mwenyewe. Alikuwa ameitazama grafu ile siku nne. Alikuwa amezichora nukta kubwakubwa, kwa sababu Daktari alitaka walioko nyuma waone, na kwa ukubwa ule zilikuwa zimegusana zikawa kama utepe. Na macho yake, kama ya kila mtu, yalikuwa yamekwenda moja kwa moja kwenye maandishi mekundu. Kilichoandikwa jina hutazamwa, kisichoandikwa hupita.

"Nipeni dakika," alisema.

Alirudi kwenye kompyuta, akazipunguza nukta hadi zikawa kama punje za mtama. Ukutani utepe ukafumuka. Zilikuwa tisa. Zilipanda moja baada ya nyingine, zimenyooka, mstari wao mwembamba wenyewe, chini kidogo tu ya mstari mwekundu. Mstari mwekundu ulikuwa juu yao kwa sababu ile nukta ya machimboni ilikuwa imeuvuta. Bila hiyo, ungezilalia mgongoni.

Akafungua jedwali, akaanza kusoma kwa sauti, na sauti yake ilikuwa inapungua kadiri alivyoendelea.

"Mia moja na tatu, watano. Mia moja kumi na nane, sita. Mia moja arobaini na moja, saba. Mia moja hamsini na tisa, wanane..."

"Gawanya kwa ishirini," alisema Mwenyekiti, mwalimu akiamka ndani yake. "Zote ni mmoja kwa ishirini. Kila mahali. Kwa nini ishirini?"

Bi Nukta alijua kwa nini. Alijua kabla swali halijaisha.

Alivuta fomu moja tupu kutoka kwenye faili, akaiweka mbele ya Mwenyekiti. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na sentensi aliyoiandika mwenyewe mwaka uliopita, na kuichapa nakala mia sita. *Matarajio: mtoto 1 kwa kila 20. Ukipata tofauti sana, rudia kuhesabu.*

"Hii ni yangu," alisema. "Niliiweka ili kusaidia. Watu walikuwa wanaleta fomu zenye makosa, mtu anaandika mia badala ya kumi. Nikaona niwape namba ya kujikagulia. Kumbe niliwapa jibu kabla ya mtihani. Asiyetaka kutembea anakaa kwenye kiti, anagawanya kwa ishirini, analeta. Na mimi, fomu ikija na mmoja kwa ishirini, siikagui. Naipitisha. Ninazokagua ni za waliotembea."

Feni ilizunguka. Daktari alikaa, akajifuta uso kwa kiganja.

"Usijibebeshe peke yako," alisema hatimaye. "Ile moja kwa ishirini niliisema mimi kwenye semina. Ilitoka kwenye taarifa ya zamani."

"Uliisema, Daktari. Niliyeichapa ni mimi."

"Haya, msigombee kosa kama mahari," alisema Mwenyekiti. "Swali ni moja. Tumekuja hapa kusema mtaa mmoja unadanganya kwa sababu ishirini na mmoja wanasema vingine. Sasa tisa kati yao hatujui hata kama waliondoka vitini. Daktari, mgao unatoka lini?"

"Ijumaa."

"Leo Jumanne. Kesho na keshokutwa mtapima upya. Si mitaa yote, hatuna miguu. Minne. Wa Kumi na Nne. Wa Tatu, maana aliyesifiwa naye apimwe. Na miwili ya hilo pindo la Fundi. Na kila mahali waende watu wengine, si mhudumu wa hapo peke yake." Akamgeukia Bi Nukta. "Wewe huendi machimboni."

"Sina nia ya kwenda, Mama Mwenyekiti."

"Nitakwenda mimi na Fundi. Na nesi."

"Mimi?" alisema Fundi. "Nina suruali sita za harusi."

"Ulinyanyuka mwenyewe, Fundi. Waliosinzia hawakutumwa."

*

Jumatano Bi Nukta alipangiwa Mtaa wa Nane, mmoja wa ile tisa. Fomu ilisema watoto mia moja hamsini na tisa, wanane wamekonda. Alikwenda na nesi kijana mwenye mwavuli, na utepe mpya mfukoni.

Mtaa ulikuwa wa kawaida, mabati na matofali, maji yamesimama kwenye mifereji. Kwenye nyumba ya kwanza walimkuta mama akifua. Nesi alieleza wamekuja kupima watoto.

"Kupima nini?"

"Mkono, mama. Kama kila mwezi."

Mama yule alikung'uta povu. "Kila mwezi wapi? Hapa hajaja mtu tangu mtoto huyu azaliwe. Na sasa anatembea."

Nyumba ya pili, hivyohivyo. Ya tano walimkumbuka mhudumu: alikuja mara moja, akasema atarudi. Bi Nukta hakumlaani. Alijua kwamba mhudumu wa Mtaa wa Nane alikuwa na mama aliyelala kitandani mwaka wa pili, na hakulipwa kitu zaidi ya fulana na mkoba. Aliandika tu. Mpaka jua linapinda walikuwa wamepima watoto arobaini. Njano wanne, nyekundu wawili. Wa mwisho kati ya wawili hao alikuwa mtoto wa kike wa miaka miwili, aliyekubali kuvalishwa utepe bila kulia, bila hata kutazama, na mkono wake ulikuwa unateleza ndani ya duara la kidole na gumba.

"Ana ndugu?" aliuliza nesi.

"Alikuwa naye," alisema bibi yake. "Alitangulia mwezi uliopita. Hatukujua wa kumwambia."

Bi Nukta alikaa kwenye kizingiti cha nyumba ile muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Wanane, fomu ilisema. Mwezi uliopita pia ilisema wanane. Na yeye aliweka alama ya vema kwa kalamu ya kijani.

Alhamisi jioni kabla ya ofisi kufungwa matokeo yote yalikuwa mezani. Mtaa wa Tatu: hamsini wamepimwa, mmoja wa njano. Ilikuwa kweli, huko walikuwa wanakula. Mtaa wa Kumi na Tisa, wa pili katika lile pindo: arobaini na watano, wawili. Hapo mhudumu alikuwa amekisia, na kisio limeangukia pazuri, kama saa mbovu. Mtaa wa Nane: arobaini, sita. Na Mtaa wa Kumi na Nne, kwa mkono wa Mwenyekiti na Fundi: hamsini, wanane.

Daktari alipiga hesabu pembeni ya karatasi. Thelathini na mmoja katika mia moja na themanini. Wanane katika hamsini. Karibu sawa.

"Hakuongeza hata mmoja," alisema.

"Aliniambia hivyo Jumanne," alisema Bi Nukta. "Sikuweza kusema."

Daktari alichukua kalamu, akasaini mgao wa Mtaa wa Kumi na Nne, watoto thelathini na mmoja, bila kukata. Halafu hakuirudisha kalamu mfukoni. Alikuwa anaitazama karatasi ya Mtaa wa Nane.

"Unajua hii inamaanisha nini," alisema.

"Najua."

"Katoni mia moja arobaini hazikutosha hata kwa namba za uongo."

"Najua, Daktari. Niandike barua ya mkoani?"

"Andika. Nitaisaini usiku huuhuu kama utawahi." Akacheka kicheko kikavu. "Na uweke grafu. Bila maneno yangu."

*

Kupima upya mitaa yote kuliwachukua majuma matatu. Wahudumu wawili waliacha kazi kwa hiari, mmoja kwa machozi. Yule wa Mtaa wa Nane alibaki, akapewa mwenzake wa kupokezana naye siku za mama yake. Fomu mpya zilichapwa. Chini palikuwa patupu. Fundi alirudi dukani na suruali sita zilizochelewa, akamwambia kila mteja kwamba yeye sasa ni mtaalamu wa takwimu.

Katoni za nyongeza ziliahidiwa, zikaja nusu.

Siku grafu mpya ilipokamilika, Kandambili alipita ofisini kuchukua utepe mwingine, wa kwanza umefifia rangi. Alikuwa bado hajasema na wifi yake zaidi ya salamu. Alisimama mlangoni.

"Umebadili?"

"Njoo uone."

Nukta zilikuwa ndogo, na zote ishirini na mbili zilikuwa na namba zake pembeni, herufi nyeusi za saizi moja. Hakukuwa na pindo tena. Zilikuwa zimetapakaa kama mchele uliomwagika, nyingi zimepanda juu kuliko zamani.

Kandambili aliinama, akatafuta. "Yangu iko wapi?"

"Hii hapa. Mia moja themanini na mbili, thelathini."

"Si ilikuwa huko juu peke yake?"

"Bado iko hapohapo. Haikushuka ila kidogo."

"Mbona mstari umekuja karibu?"

Bi Nukta aliutazama mstari mwekundu. Zamani ulikuwa umelala kama njia inayopanda kilima kidogo. Sasa ulikuwa umesimama.

"Mstari ndio uliopanda," alisema.

Kandambili alikuwa mwepesi wa mambo, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Uso uliokuwa unataka kutabasamu uliacha. Alivuta kiti, akakaa, akavua kandambili zake na kuzisugua nyayo. Jozi ilikuwa mpya, lakini ile ya kulia ilikuwa imeanza kuchongeka kisiginoni.

"Nilitaka wajue sisemi uongo," alisema baadaye. "Sikutaka wengine nao wawe kama sisi."

"Walikuwa hivyo tangu zamani, wifi. Tulikuwa hatujawachora."

Nje mtu aliita jina la mgonjwa, mara mbili, hakuitikiwa. Bi Nukta alifungua droo, akatoa utepe mpya, akaunyoosha mezani kuhakikisha rangi ziko sawa, kisha akampa.

"Kaka yako anauliza utakuja lini kula."

"Mwambie Jumapili," alisema Kandambili, akivaa viatu vyake. "Na usinihesabie vijiko."